Mitihani minne ndani ya siku 14: je, nigawe saa zangu sawasawa kwa kila somo?

#1 BintiRau — Jumamosi, saa 2 asubuhi

Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma shahada ya biashara, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Moshi, na ukihesabu leo kuwa siku ya 1, mtihani wangu wa mwisho ni siku ya 14. Sheria ya Biashara ni Alhamisi, siku ya 6. Uchumi Mdogo ni Jumatatu ya wiki ijayo, siku ya 10. Uhasibu wa Gharama ni Jumatano, siku ya 12, na Takwimu za Biashara zinafunga Ijumaa, siku ya 14. Yote ni saa 3 asubuhi.

Vipindi vimekwisha, lakini kila siku kuanzia saa 10 jioni ninamsaidia shangazi dukani Mbuyuni, na nikirudi chumbani huwa nimechoka sana. Kwa hiyo siku ya kawaida ninapata saa 6 za kusoma, Jumapili saa 4 kwa sababu ya ibada, leo 3, na siku ya mtihani 3 baada ya kutoka.

Alama zangu za muhula kati ya 40 ni hizi: Sheria 29, Uchumi 24, Takwimu 21, Gharama 16. Mtihani wa mwisho una alama 60. Ninataka angalau B katika kila somo, ambayo kwetu inaanzia jumla ya 50. Nilikuwa nimepanga siku hizi zote hadi Jumatano ziwe za Sheria, kisha siku tatu za Uchumi, kisha masomo mawili ya hesabu niyasome kila moja kwa siku moja iliyo kabla yake. Mwenzangu wa chumba ananicheka. Je, niufuate mpango huo, au nigawe saa sawasawa kwa masomo yote manne?

#2 MtoriMoto — saa 2:40

Fuata mpango wako, dada. Ubongo hauwezi kubeba vitu vinne kwa wakati mmoja, na unachokisoma mwisho ndicho unachokikumbuka. Mimi nilisoma somo moja baada ya jingine, usiku wa kuamkia kila mtihani nikakesha na madesa na termosi ya kahawa, na nilifaulu yote isipokuwa moja.

#3 MkaguziWaSakina — saa 3:15

Binti, mitihani ya bodi ya uhasibu haisomwi kwa wiki mbili. Ile ya Mei na Novemba inahitaji miezi, hasa kama umeajiriwa. Nakushauri uahirishe hadi awamu ijayo na upunguze idadi ya masomo unayojiandikishia.

#4 BintiRau — saa 3:30

Shikamoo mzee wangu. Hii ni mitihani ya chuo ya kumaliza muhula, wala siyo ya bodi, kwa hiyo siwezi kuchagua awamu. Nikianguka ni sapu.

#5 NgazaWaPasua — saa 3:34

MtoriMoto, hilo somo moja ambalo hukulifaulu lilikuwa la ngapi kwenye ratiba yako? Ninauliza tu.

#6 MtoriMoto — saa 3:41

La mwisho. Lakini mwalimu alikuwa na roho mbaya.

#7 HesabuZaKijenge — saa 4:20

Nimefundisha wanafunzi wa biashara hapa Arusha kwa miaka kadhaa, na ninaona swali la BintiRau limechanganya mambo mawili ambayo ni bora yatenganishwe: kila somo lipewe saa ngapi, na saa hizo ziwekwe siku gani.

Tuanze na kiasi. Ili afike 50, mtihani wa mwisho unamdai alama 21 kati ya 60 katika Sheria, 26 katika Uchumi, 29 katika Takwimu na 34 katika Gharama. Sheria anadaiwa kidogo zaidi ya theluthi moja ya karatasi, lakini Gharama inamdai zaidi ya nusu, na ndilo somo ambalo tayari limemshinda katikati ya muhula. Kugawa sawasawa, na hata mpango wake wa kwanza, kunalipa muda mwingi somo linalodai kidogo.

Nimejumlisha saa alizozitaja kuanzia leo hadi Alhamisi ya siku ya 13, na nimepata saa 62. Madai ya masomo yote manne yakijumlishwa ni alama 110. Tukizigawa saa kwa uwiano wa madai hayo, Gharama inapata 19, Takwimu 16, Uchumi 15 na Sheria 12.

Sasa siku. Kuanzia leo hadi Jumatano kuna saa 25. Sheria ichukue 12 zake zote hapo, Gharama 7, Takwimu 4 na Uchumi 2. Alhamisi mchana baada ya Sheria, Gharama 3. Ijumaa hadi Jumapili kuna saa 16, ambazo Uchumi utachukua 13 na Takwimu 3. Jumatatu mchana Gharama 3, Jumanne Gharama 6, Jumatano mchana Takwimu 3, Alhamisi Takwimu 6. Jambo la kuangalia ni kwamba masomo yake mawili magumu yana siku moja tu kabla yake kwenye ratiba ya chuo, na asipoyaanza wiki hii hayatakuwa na mahali pengine pa kuanzia.

#8 DadaWaNgarenaro — saa 4:52

Kaka Hesabu, hesabu yako imekaa vizuri, lakini inachukulia kwamba saa moja inanunua alama zilezile katika kila somo, jambo ambalo si kweli. Mimi katika Takwimu ningeweza kukaa saa 20 nikaongeza alama mbili, ilhali saa 5 za Sheria zilinipa swali zima. Mtu anapaswa kuuliza saa inayofuata italeta alama wapi, badala ya kuuliza wapi anadaiwa zaidi.

Jambo la pili ni kasoro katika ratiba yenyewe. Gharama inaguswa Alhamisi mchana, kisha hairudi hadi Jumatatu mchana. Siku tatu nzima katikati bila kuligusa somo analoliogopa kuliko yote, na Alhamisi hiyohiyo atakuwa ametoka kwenye chumba cha mtihani akiwa hoi.

#9 HesabuZaKijenge — saa 5:10

Kasoro ya pili ninaikubali. Basi Alhamisi mchana iwe ya Uchumi, saa 3, na zile saa 3 za Gharama zihamie Jumamosi asubuhi. Uchumi unabaki na 10 kati ya Ijumaa na Jumapili, Takwimu 3, Gharama 3, na jumla za masomo hazibadiliki. Kuhusu hoja ya kwanza, ni kweli kinadharia, lakini mwanafunzi atajuaje mapema saa itazaa wapi? Madai anayajua leo, mavuno hayajui.

#10 DadaWaNgarenaro — saa 5:18

Atayajua akijipima. Achukue karatasi ya mwaka uliopita ya kila somo, ajibu swali moja bila daftari kwa dakika 30, asahihishe. Kwa jumla ni saa 2 za leo, na atakuwa na ushahidi wake mwenyewe kuliko uwiano wa watu wa Kijenge.

#11 MsomaUsiku — saa 6:05

Mnabishana kuhusu saa, lakini kinachofanyika ndani ya saa ndicho kinachoangusha watu. Nilikuwa na saa 80 na bado nilianguka, kwa sababu zote nilisoma kwa kupitia daftari mara ya pili na ya tatu huku nikipaka rangi za njano. Kila ukurasa niliuona kama rafiki wa zamani, na kwenye mtihani rafiki hao hawakuja.

Kuna jaribio la Roediger na Karpicke lililochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma tena, jingine likafunga karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81, na walioandika asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na asilimia 42, na walioandika 56. Kwa hiyo MtoriMoto hajakosea kabisa, kwani kusoma usiku na kuingia asubuhi kunaweza kukubeba. Ila kwa BintiRau, anachokisoma cha Gharama leo kitahitajika baada ya siku 11.

#12 MtoriMoto — saa 6:20

Asante kwa kunitetea, hata kama ni nusu.

#13 NgazaWaPasua — saa 6:44

Jaribio hilo lilikuwa la vifungu vya habari. Gharama ni kupiga hesabu, na hesabu haikumbukwi, inafanywa. Mimi ningesema achukue mada moja, afanye maswali 20 ya mada hiyo hadi mkono uzoee, ndipo aende mada nyingine.

#14 HesabuZaKijenge — saa 7:30

Ndugu Ngaza, nilikuwa na imani hiyohiyo hadi nilipoiona ikiwaangusha wanafunzi. Nitaeleza kwa swali, kwa sababu bila swali tutazungushana.

Kiwanda kidogo cha sabuni kimezalisha vipande 10,000 mwezi huu na kuuza 8,000. Hakikuwa na akiba mwanzoni. Gharama za uzalishaji zisizobadilika ni shilingi milioni 20, yaani shilingi 2,000 kwa kila kipande kilichozalishwa. Faida itatofautiana kwa kiasi gani kati ya njia ya gharama kamili na njia inayohesabu gharama badilifu pekee? Mwanafunzi aliyefanya maswali 20 ya aina hiyo atajibu bila kufikiri: vipande 2,000 vilivyobaki mara shilingi 2,000 ni milioni 4, na njia ya gharama kamili ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu milioni 4 za gharama zisizobadilika zimelala stoo pamoja na sabuni badala ya kukatwa mwezi huu.

Sasa mwezi wa pili. Kiwanda kinazalisha tena 10,000 kwa gharama zilezile, lakini kinauza 11,000. Wengi wa wale waliojibu sawasawa hapo juu watatazama akiba ya mwisho, waone vipande 1,000, na kuandika kwamba njia ya gharama kamili inazidi kwa milioni 2. Jibu ni kinyume. Akiba imeshuka kutoka 2,000 hadi 1,000, kwa hiyo milioni 2 zilizolala stoo mwezi uliopita zimeamka na kukatwa sasa, na njia ya gharama kamili inaonyesha faida iliyo ndogo kwa milioni 2. Kosa halikuwa la kuzidisha. Alikuwa amezoea umbo la swali, na hakuwa ameshika kwamba kinachohesabiwa ni badiliko la akiba.

Ndiyo maana ninawaambia wachanganye. Rohrer na Taylor walilipima jambo hili mwaka 2007 kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi aina moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa wakapata 60 tu. Wiki moja baadaye, waliochanganyiwa walipata 63, na wale wengine 20. Mazoezi yanayokupa raha leo yanaweza kukudanganya, kwa kuwa karatasi ya mtihani haiandiki juu ya swali kwamba hili ni la mada gani.

#15 NgazaWaPasua — saa 7:52

Mfano wa sabuni nimeuelewa, na nakiri ningeandika inazidi kwa milioni 2. Lakini mtu mwenye alama 16 kati ya 40 hajui hata njia ya kwanza. Ukimchanganyia mada tano ambazo hajui hata moja, amechanganyikiwa yeye.

#16 HesabuZaKijenge — saa 8:03

Hapo una haki. Maswali mawili au matatu ya mada moja kwanza, daftari likiwa wazi, ndipo achanganye. Mpaka uko wapi hasa, kila mwalimu atakuambia lake.

#17 WakiliMtarajiwa — saa 8:40

Niongeze kwa upande wa Sheria, maana nimeona imepewa saa 12 kama mtoto wa kambo. Zinatosha, iwapo hazitatumika kukariri daftari. Mfano ni kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Swali la mtihani haliulizi kifungu kinasema nini. Linakupa mzee wa Kibosho, mjukuu wake wa miaka 16 na pikipiki iliyouzwa kwa mkopo, kisha linakuuliza nani anamdai nani.

Kwenye karatasi tupu aandike kwanza yale ambayo kifungu kinayadai: ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Kisha aulize ni lipi kati ya hayo lina kasoro kwenye kisa, na hapa ni uwezo, kwa sababu ya umri. Akifanya visa 8 kwa namna hiyo, kila kimoja dakika 30, ametumia saa 4 na amepita sehemu kubwa ya mikataba.

#18 MamaWaKiboriloni — saa 8:55

Sisi tulifundishwa kwamba mkataba ni ofa na kukubali, basi. Mjukuu amekubali, kwa hiyo atalipa. Mbona mnayafanya magumu?

#19 WakiliMtarajiwa — saa 9:02

Mama, ofa na kukubali vinaleta makubaliano. Kifungu cha 10 ndicho kinachosema ni makubaliano yapi yanakuwa mkataba. Jibu lako lingepata alama za mwanzo na kuishia hapo, na kusema kweli karatasi nyingi huishia hapo.

#20 BintiRau — saa 2 usiku

Asanteni, nimesoma yote nikiwa dukani. Nimefanya kipimo cha DadaWaNgarenaro kwa swali moja moja. Sheria nilipata kama 12 kati ya 20, Uchumi 9, Takwimu 8. Gharama nilikaa dakika 30 na kuandika vichwa vya safu tu, ingawa nilipofungua jibu nilielewa kila mstari na nikaona aibu.

Swali dogo: tuna kundi la majadiliano la watu sita linalokutana kila siku kwa saa 2, kuanzia saa 5 asubuhi. Je, saa hizo 2 zimo ndani ya 62 au niliache kundi?

#21 MsomaUsiku — saa 2:25 usiku

Hiyo ya kuelewa kila mstari baada ya kufungua jibu ndiyo njano yangu. Aibu iweke kando, umegundua siku ya 1 badala ya siku ya 12.

#22 DadaWaNgarenaro — saa 2:40 usiku

Zimo ndani ya 62, kwa hiyo kundi la kila siku litakula zaidi ya saa 20. Punguza liwe mara tatu, na kila mmoja aje akiwa amejibu swali peke yake, vinginevyo mmoja anaeleza na watano wanatikisa vichwa. Kuna jambo jingine ambalo lilinigharimu mimi. Kundi letu lilijadili kwa Kiswahili, na tulielewana vizuri sana, kisha mtihani ukaja kwa Kiingereza, na nilijua mnyumbuko wa mahitaji ni nini lakini sentensi ya kuanzia sikuwa nayo. Jadilini kwa Kiswahili, lakini dakika 15 za mwisho kila mtu aandike jibu lake kwa lugha ya mtihani.

#23 MkaguziWaSakina — saa 3 usiku

Sasa nimeelewa kwamba ni mitihani ya chuo. Binti, kabla ya kuamini hiyo 34, soma kanuni za mitihani za chuo chako. Mahali nilikosoma mimi kulikuwa na kiwango cha chini cha mtihani wa mwisho peke yake, na mtu mwenye alama nzuri za muhula aliweza kufikisha jumla na bado akarudia. Hiyo 21 ya Sheria ni asilimia 35 tu ya karatasi, nayo ndiyo ingekuwa na hatari.

#24 HesabuZaKijenge — saa 3:12 usiku

Mzee amenishika. Sikulifikiria hilo. Kama kanuni hiyo ipo kwenu, lengo la Sheria lipande hadi kiwango hicho, na uwiano wangu wote unapaswa kupigwa upya.

#25 BintiRau — Alhamisi, saa 11 jioni

Nimerudi. Kanuni hiyo kwetu ipo, na kiwango ni 24 kati ya 60, kwa hiyo niliiongezea Sheria saa 2 nilizozitoa kwenye Takwimu. Mtihani umepita leo. Kulikuwa na kisa cha mtoto wa miaka 17 na simu ya mkopo, nikamkumbuka mjukuu wa Kibosho na nikaandika kurasa tatu. Swali la uwakala liliniacha njiani.

Gharama nimefanya saa 6 kati ya 7 za wiki hii, kwa sababu Jumanne umeme ulikatika. Swali la sabuni la mwezi wa pili nimelifanya jana bila daftari na limetoka. Leo mchana ilikuwa zamu ya Uchumi saa 3, lakini nililala mbili kati ya hizo, na shangazi amenipa ruhusa nisiende dukani. Sasa nina upungufu wa saa 2 za Uchumi na 1 ya Gharama. Nizifidie usiku huu, au nizihamishie Jumamosi?

#26 MtoriMoto — saa 11:20 jioni

Usiku huu. Kahawa ipo.

#27 DadaWaNgarenaro — saa 11:31 jioni

Soma Uchumi saa 2 sasa hivi, saa 3 usiku uwe kitandani. Ile moja ya Gharama iweke Jumamosi.

#28 HesabuZaKijenge — saa 11:45 jioni

Mimi ningeanza na hiyo moja ya Gharama leo, kwa sababu umelifungua swali la sabuni jana na halijapoa, na Uchumi una saa 10 mbele yake hadi Jumapili. Lakini nimekwisha kukosea mara mbili kwenye uzi huu.

#29 NgazaWaPasua — saa 11:50 jioni

BintiRau, kabla hujachagua, hebu tuwekee hapa mwezi wa tatu wa kile kiwanda: amezalisha 12,000, ameuza 12,000, gharama zisizobadilika ni milioni 24. Nimepata jibu langu, ila sitaki kulisema kwanza.

#30 BintiRau — saa 12:04 jioni

Akiba haijabadilika, na kila kipande bado kinabeba 2,000, kwa hiyo hakuna tofauti. Ninafungua Uchumi.